Bomba la Chila Linalotoa Jasho: Unene Gani wa Mpira Unalipa?

Bomba la maji ya baridi linaweza kuwa kavu kabisa saa tisa alasiri, mwenye jengo anapokuja kukagua kazi ya fundi, halafu likadondosha maji saa kumi na moja alfajiri wakati hakuna anayeliangalia. Mlinzi ndiye anayekuta madimbwi chini ya maegesho. Fundi akipigiwa simu anasema chila ni nzima, bomba halivuji, na anasema kweli. Kilichokosewa ni unene wa mpira uliofungwa juu ya bomba, na unene huo ulichaguliwa kwa kuangalia bei ya mita moja bila kuangalia hewa ya alfajiri.

Makala haya ni kwa mtu anayelipa: mwenye hoteli ndogo, msimamizi wa hospitali, kamati ya jengo la ofisi. Nimechukua mfano mmoja na nitaufuata mpaka mwisho. Ni hoteli Dar es Salaam yenye chila moja, na bomba la chuma la inchi mbili linalopita besimenti ambako magari huegeshwa na hewa ya nje huingia na kutoka. Bomba hilo kwa nje lina kipenyo cha milimita 60.3. Maji yanayotoka kwenye chila yana nyuzijoto 7, na urefu wa njia hiyo ni mita 60. Wanaouza mpira mweusi wa povu, ule ambao mafundi wengi huuita Armaflex hata ukiwa umetoka kiwanda kingine, wana unene wa milimita 13, 19, 25 na kuendelea. Mwenye hoteli anaambiwa, “Mzee, hii ya kumi na tatu inatosha, mbona wengi wanaweka hiyo?”

Tuanze na hewa. Kila hewa ina kiwango chake cha umande, yaani nyuzijoto ambayo kitu kikiwa baridi kuliko hapo, mvuke uliomo hewani unageuka maji juu yake. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa na kipimo kidogo cha unyevu, kile cha kidijitali kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu, unaweza kukadiria kiwango cha umande kichwani. Toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha jibu lake litoe kwenye joto la hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 85 inakupa 15, ukigawa kwa 5 ni 3, kwa hiyo umande uko karibu nyuzi 27. Hesabu kamili inatoa 27.2. Kanuni hii ya haraka inafaa pale unyevu unapozidi asilimia 50, na pwani yetu mara nyingi iko juu ya hapo.

Sasa tazama siku moja ya masika. Alasiri hewa ya besimenti ina nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65. Alfajiri inayofuata, hewa ile ile imepoa mpaka nyuzi 26 na unyevu umepanda mpaka asilimia 92. Kiwango cha umande cha nyakati zote mbili ni kimoja, nyuzi 24.6, kwa sababu mvuke uliomo haukuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni nafasi kati ya joto la hewa na kiwango cha umande. Alasiri nafasi hiyo ni nyuzi 7.4. Alfajiri ni nyuzi 1.4 tu. Uso wa nje wa mpira lazima ukae ndani ya nafasi hiyo: uwe na joto zaidi ya 24.6, na hautaweza kuzidi joto la hewa iliyouzunguka. Alasiri mpira una uwanja mpana. Alfajiri unatakiwa uso wake ukaribie kabisa joto la hewa, ingawa ndani yake kuna maji ya nyuzi 7.

Ndiyo maana ukaguzi wa mchana haukuambii chochote. Watu wengi hudhani joto kali ndilo linaloleta jasho la bomba, wakaagiza mpira kwa kufikiria mchana wa Februari. Saa ngumu ni ile ya ubaridi na unyevu, kabla ya jua kuchomoza.

Unene unaohitajika hutoka kwenye fomula moja, nayo inasema tu kwamba joto linaloingia kwenye uso wa mpira kutoka hewani ni sawa na joto linalopenya mpira kwenda kwenye bomba:

```
r2 × ln(r2 / r1) = (k / h) × (Ts − Tp) / (Ta − Ts)
```

Hapa r1 ni nusu kipenyo cha bomba, r2 ni nusu kipenyo pamoja na mpira, Tp ni joto la bomba, Ta ni joto la hewa, na Ts ni joto la uso, ambalo tunaliweka sawa na kiwango cha umande ili kupata unene wa chini kabisa. Herufi k ni uwezo wa mpira kupitisha joto, na kwa mpira mzuri wa povu ni karibu 0.036. Herufi h inaonyesha ni joto kiasi gani uso wa nje unapokea kutoka kwenye mazingira yake. Karatasi za matangazo hutaja k kwa herufi kubwa, lakini h huachwa, nayo inaweza kubadilisha unene kwa kiasi kikubwa.

Ukiweka namba za alfajiri, upande wa kulia una (24.6 − 7) gawanya kwa (26 − 24.6), yaani karibu 12.6. Mpira mweusi kwenye hewa iliyotulia una h ya karibu 9, kwa hiyo k gawanya kwa h ni mita 0.004, yaani milimita 4. Zidisha, unapata milimita 50. Kisha unajaribu thamani za r2 kwenye kikokotoo mpaka upande wa kushoto ufike 50, na inatokea kwenye r2 ya milimita 65. Toa nusu kipenyo cha bomba, 30, mpira unabaki milimita 35. Ukirudia hesabu kwa namba za alasiri unapata chini ya milimita 9. Bomba ni lile lile na hewa ni ile ile, ila saa ni tofauti.

Jedwali hili linaonyesha joto la uso alfajiri hiyo kwa kila unene. Safu ya mwisho inalinganisha kiasi cha mpira kinachotumika kwa mita moja, tukichukua mpira wa milimita 13 kuwa shilingi 100. Bei za dukani hazifuati ujazo kwa usahihi, lakini nukuu inayoachana nao sana inastahili kuulizwa.

| Unene (mm) | Joto la uso saa 11 alfajiri | Hali | Gharama ya mpira kwa kulinganisha |
|---|---|---|---|
| 13 | 22.1 | linalowa sana | 100 |
| 19 | 23.3 | linalowa | 158 |
| 25 | 24.0 | linalowa kidogo | 224 |
| 32 | 24.4 | lipo ukingoni | 310 |
| 40 | 24.8 | kavu | 421 |

Kwa hoteli yetu, ambayo chila yake haizimwi usiku, jibu ni milimita 40 kwenye bomba la kwenda. Kama duka halina mirija ya unene huo, tabaka mbili za 19 na 25 zinafanya kazi hiyo, mradi maungio ya tabaka la juu yasikae juu ya maungio ya tabaka la chini. Bomba la kurudi, ambalo maji yake yana nyuzi 12, linahitaji milimita 27 tu kwa hesabu, kwa hiyo la 32 linatosha. Hapo kuna akiba ya kweli ambayo watu wengi huiacha kwa sababu huagiza unene mmoja kwa mabomba yote mawili.

Ofisi ni habari nyingine. Chila ikiwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa jioni, bomba halikutani na hewa ya alfajiri likiwa baridi. Asubuhi hiyo hewa imefika nyuzi 28 na unyevu umeshuka mpaka karibu asilimia 82. Kwa hali hiyo mpira wa milimita 19 una uso wa nyuzi 25.0 na unabaki mkavu, wakati ule wa 13 una 23.7 na unalowa. Mwenye ofisi anayeuziwa milimita 40 analipia unene ambao hatautumia. Mimi ningechukua 25 kwa ofisi kama hiyo, kwa ajili ya siku za mvua ambazo asubuhi haipati jua. Na kama bomba linapita juu ya dari la vyumba vinavyopozwa muda wote, na dari hilo halina mianya ya kuingiza hewa ya nje, hewa ya humo ni kavu zaidi na hata 19 inaweza kukaa salama. Pima kwanza: acha kipimo cha unyevu juu ya dari kwa wiki nzima, chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu, ndipo uagize.

Turudi kwenye h, maana ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Uso wa bomba hupokea joto kwa njia mbili. Hewa inayougusa inaupa kiasi, na kuta, dari na sakafu zinaupa kiasi kingine kwa mnururisho. Kwa mpira mweusi kwenye hewa iliyotulia, zaidi ya nusu ya ile 9 inatoka kwenye mnururisho. Ukifunika mpira kwa bati la alumini linalong'aa, umeufukuza mnururisho huo, na h inashuka mpaka karibu 5. Rudia hesabu ya alfajiri, na unene unaohitajika unaruka kutoka milimita 35 mpaka 56. Mpira wa milimita 40 uliokuwa mkavu sasa uso wake una nyuzi 23.9 na unatoa jasho. Mwenye jengo amelipa zaidi ili bomba lipendeze, na amelifanya lilowe.

Simaanishi kwamba bati ni baya. Nje, kwenye jua na mahali pa kugongwa na magari, mpira unahitaji kinga, na upepo wa nje wenyewe huinua h. Ndani ya besimenti chagua ganda la PVC au bati lililopakwa rangi isiyong'aa, ambalo hupokea mnururisho karibu sawa na mpira wenyewe. Rangi nyeupe au nyeusi hapa haina tofauti kubwa. Kinachodhuru ni mng'ao wa chuma kitupu.

Mabomba yaliyobanana nayo hupunguza h. Mabomba manne yakipita pamoja kwa nafasi ya vidole viwili, hewa haizunguki kati yake, na kila moja linaona mwenzake aliye baridi badala ya kuona ukuta wenye joto. Jasho huanzia hapo katikati. Acha angalau sentimita kumi kati ya mpira na mpira, na kati ya mpira na dari. Nafasi hiyo ni ya bure kama imepangwa kabla ya hanga kufungwa, na haipatikani tena baada ya hapo.

Wengine huuliza kuhusu feni. Kwa hewa inayokwenda kasi kiasi cha kufikisha h 20, milimita 18 zingetosha hata alfajiri ile. Lakini feni ya wati 100 ikizunguka usiku na mchana inakula uniti 876 kwa mwaka. Tukikadiria uniti kwa shilingi 350, kodi ikiwemo, hizo ni shilingi 306,600 kila mwaka, na feni moja haifikii mita 60. Feni ni dawa ya kona moja sugu. Kupandisha maji ya chila kutoka nyuzi 7 mpaka 10 nako kunasaidia kidogo tu: unene unashuka kutoka 35 mpaka 30, na vyumba vinaanza kuwa na unyevu kwa sababu koili hazikaushi hewa ipasavyo.

Je, umeme unaookolewa unalipia unene? Kwa sehemu. Bomba letu likiwa na milimita 13, na hewa ikiwa na nyuzi 28, joto linaloingia kwenye maji ni karibu wati 10.5 kwa mita. Likiwa na 40 ni wati 5.3. Chila ya kawaida ikitumia wati moja ya umeme kuondoa wati tatu za joto, tofauti kwa mita 60 ni takriban uniti 920 kwa mwaka, karibu shilingi 320,000. Kutoka 25 kwenda 40 akiba ni uniti 300 hivi, kama shilingi 107,000. Muuzaji anayekuahidi kwamba unene wa ziada utajilipa wote kwa umeme anaongeza chumvi. Unene huu unanunuliwa ili kuzuia maji: kutu ya bomba, jipsamu inayoanguka, paneli ya umeme iliyolowa. Kufungua mpira mbovu na kufunga mwingine ni kulipa fundi mara mbili na kuutupa mpira wa kwanza.

Kuhusu aina nyingine za kuhami. Sponji ya kijivu ya polietilini, ile inayovikwa mabomba ya viyoyozi vidogo vya ukutani, ni rahisi kwa bei na k yake haiko mbali na ya mpira. Udhaifu wake ni mshono: haikai vizuri na gundi, ikikauka inafunguka kama mdomo, na unene wake kwa kawaida ni mdogo. Kwenye chila siishauri. Sufi ya kioo yenye karatasi ya alumini ina k nzuri na bei ya chini, ila sufi yenyewe haizuii mvuke hata kidogo. Kinga yote iko kwenye ile karatasi. Tundu moja la bisibisi linatosha: mvuke unaingia, unakuwa maji ndani ya sufi, na maji hupitisha joto karibu mara 16 ya sufi kavu. Sehemu hiyo inapoa, inavuta unyevu zaidi, na baada ya miezi sufi imekuwa sifongo. Tena karatasi yake inayong'aa inashusha h, kwa hiyo unene wa milimita 50 unaouzwa kama mkubwa bado haufiki 55 zinazohitajika alfajiri ile. Nimesimama juu ya ngazi na kubonyeza sufi ya namna hiyo kwa kidole: maji yalitoka kwenye mshono, na bomba lililokuwa chini yake lilikuwa limevimba kutu.

Bomba lililohamiwa kiwandani kwa povu la poliyurethani ni bora kwa kazi mpya. Povu hilo lina k ya karibu 0.025, na kwa ganda lisilong'aa linahitaji milimita 26 tu. Bomba la inchi mbili la aina hiyo huja na ganda la nje la milimita 125, ambalo lina povu la milimita 29 hivi. Gharama ya kuanzia ni kubwa, na maungio lazima yajazwe povu na mtu anayejua, vinginevyo kila kiungo kinakuwa chanzo cha jasho. Kwa bomba lililokwisha kufungwa halina nafasi.

Kama hoteli yako tayari ina mpira wa 13 unaolowa, usikimbilie kuubomoa. Kata dirisha dogo upande wa chini wa bomba, kwenye sehemu inayodondosha zaidi. Ukikuta bomba kavu na mpira kavu kwa ndani, jasho ni la juu tu. Zima chila mpaka uso ukauke, ziba dirisha kwa gundi, kisha ongeza tabaka la 25 juu yake. Utapata 38, uso wa nyuzi 24.7, na umeokoa mpira wa zamani. Ukikuta maji au kutu, tabaka jipya litafungia maji ndani, kwa hiyo pale hakuna njia ila kutoa, kusugua, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuanza upya.

Unene sahihi ukishafungwa, angalia mahali ambapo fundi huwa na haraka. Kwenye hanga, klempu ikifungwa juu ya mpira huubonyeza mpaka ukabaki milimita chache, na tone la kwanza huanzia hapo. Dai kipande kigumu cha kubebea bomba chenye unene sawa na mpira. Vali zikiachwa wazi hulowa kila siku. Tepu ikifungwa bila gundi kwenye mshono hubanduka. Gundi ikipakwa wakati chila inafanya kazi haishiki, kwa sababu bomba tayari lina maji juu yake.

Kupima, nenda alfajiri na kipima joto cha mwanga. Kwenye mpira mweusi kinasema kweli. Kwenye alumini kinaonyesha joto la ukuta linaloakisiwa, kwa hiyo bandika kipande cha tepu ya karatasi, subiri dakika chache, upime juu ya tepu. Uso ukiwa chini ya kiwango cha umande, utalowa hata kama bado haujalowa.

Kuna mpaka mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuukubali mapema. Unyevu ukifika asilimia 95 kwa nyuzi 26, unene unaohitajika ni milimita 53. Siku chache za mvua kubwa, hata bomba lenye 40 litapata umande mwembamba kwa saa kadhaa. Mpira wenye vishimo vilivyofungwa haudhuriki na hilo. Basi, kabla ya kulipa 53 kila mahali, angalia kilichopo chini: penye paneli ya umeme weka unene huo kwa mita chache na kisinia cha kukingia maji, penye sakafu yenye mtaro, 40 inatosha.

Unapoomba nukuu, mtake kila mkandarasi aandike mambo manne: joto la hewa na unyevu aliotumia kwenye hesabu, joto la maji, k ya mpira, na h ya uso wa nje pamoja na aina ya ganda. Atakayekuandikia nyuzi 26 na asilimia 92 amefikiria alfajiri yako. Atakayekuandikia unene peke yake, usimpe kazi.